Kikianza, Siyo Kikikaza

Jicho alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia duniani, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kimemponza miezi minne mfululizo bila mwenyewe kujua. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Karatasi za majaribio zikishuka kutoka kwenye mtambo, yeye ndiye anayezisoma neno kwa neno kabla nakala elfu kumi hazijatoka na aibu zao. Herufi ikipotea njia, anaiona. Nukta ikizidi, anaiona. Ndiyo maana wakamwita Jicho, na jina lilivyomkaa, hata bibi yake alishasahau lile alilopewa siku ya kuzaliwa.

Sasa siku hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, Jicho huyo huyo alikuwa amesimama kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, ameweka kibahasha cha kaki juu ya kaunta kama mtu aliyeleta samaki aliyeoza.

"Dada, dawa zenu hazifanyi kazi."

Mfamasia, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, alikivuta kibahasha. "Za kipandauso hizi. Triptani. Hazikusaidii hata kidogo?"

"Kidogo kama mate ya chura. Nimemeza vitano mpaka leo, kimoja kila kinaponishika. Kila safari naishia kulala kwenye stoo ya karatasi, nimejifunika turubai. Na leo sina nafasi ya kulala stoo."

Hapo alisema kweli. Siku hiyo kitabu cha sayansi cha watoto wa shule kilikuwa kinaingia mtamboni. Karatasi ya mwisho ilitakiwa isainiwe kabla ya saa saba na nusu, na Meneja alishatamka mbele ya watu wote kwamba atakayeisaini ndiye atakuwa msahihishaji mkuu. Kazi ilikuwa ya Jicho kwa haki zote. Ila mara mbili mfululizo siku ya kuchapa ilikuwa imemkuta chini ya turubai, na mara zote mbili aliyesaini kwa niaba yake ni Bwana Koma, mzee kijana wa meza ya pili, ambaye akiona koma imekaa vibaya anaugua, ila ukimwandikia "ng'ombe ana mbawa" anapita tu, mradi koma ipo mahali pake. Meneja alisema: tatu ikifika, basi tena.

"Unameza wakati gani?" mfamasia akauliza.

"Kama mlivyoandika."

"Tuliandika nini?"

Jicho akasoma bila hata kutazama, maana alishakariri. "Meza kimoja kichwa kikikaza."

Mfamasia akainama. Akainua kibahasha kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akakishusha polepole.

"Dada yangu. Hapa pameandikwa kikianza."

"Hapana."

"Ni mwandiko wangu mimi."

"Na mimi kusoma ndiyo kazi yangu."

"Ki-ki-a-nza."

"Hiyo siyo a, hiyo ina mkongojo juu kama k. Na hiyo unayoiita n imefumba tumbo, ni a kabisa. Kikikaza." Jicho alikuwa ameshatoa kalamu yake nyekundu bila kujijua.

Mteja wa nyuma, aliyekuja kununua pamba tu, akasogea naye atazame. Akasema yeye anaona kama kikikaanga.

"Sawa," mfamasia akasema, "mwandiko wangu nimeukosea, nakubali. Nilikupa kijitabu cha ndani ya boksi, lakini?"

"Kilikuwa na herufi ndogo. Nasoma herufi ndogo siku nzima, nikasema hiki nitasoma nikistaafu."

"Kwa hiyo miezi minne umekuwa ukingoja kichwa kikaze."

"Nangoja mpaka nisiweze kugusa nywele. Kitambaa cha kichwa kikinigusa nalia. Hapo najua sasa ndiyo kimekaza, nameza."

Mfamasia akafumba macho kidogo kama mtu aliyekanyagwa. Kisha akasogeza kiti chake karibu na kaunta. "Nisikilize. Ubongo wenyewe hauumi. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayoufunika, ile yenye mishipa ya damu. Kipandauso kikianza, neva inayohudumia uso na ngozi hiyo inamwaga kemikali, mishipa inatanuka, pale panavimba na kuwaka kama kidonda, na habari za maumivu zinakimbia kwenda kwenye shina la ubongo. Triptani ina vikufuli vyake. Kwenye mishipa hiyo na kwenye ncha za neva hiyo kuna vipokezi vya serotonini, moja ya kemikali za mwili, na dawa inaingia humo kama ufunguo. Mshipa unarudi saizi yake, neva inaacha kumwaga, na habari zinakatwa njiani. Hii siyo panadol, haizimi maumivu ya kila kitu. Mguu ukiuma haikusaidii."

"Sawa. Sasa nikichelewa?"

"Ukichelewa, huko juu ndani ya ubongo kengele inakuwa imeshajifunza kulia yenyewe. Hata ukikata habari huku chini, yenyewe inaendelea. Nywele kuuma ndiyo dalili kwamba tumefika huko. Na tumbo nalo linakuwa limegoma, kidonge kinakaa humo kama mgeni kwenye veranda."

Jicho alikitazama kibahasha. Kisha uso wake ukabadilika, na ukimwona ungedhani ameona kosa kwenye jalada.

"Yaani nimekuwa nasahihisha baada ya kuchapa."

"Unasema?"

"Kosa unalikamata kwenye karatasi ya majaribio. Nakala elfu kumi zikishatoka, kalamu nyekundu ya nini? Mimi nilikuwa nangoja elfu kumi zitoke ndiyo nashika kalamu."

"Ndiyo hivyo hivyo," mfamasia akasema, akafurahi mpaka akachukua kibahasha kipya. "Kichwa kikianza kuuma, kingali kidogo, hapo hapo. Lakini wewe huanza na vimulimuli, siyo?"

"Mistari ya kona kona, inang'aa kama glasi iliyovunjika. Nusu saa hivi, ndipo kichwa kinakuja."

"Vimulimuli bado siyo wakati. Ukimeza hapo mara nyingi inakuwa ya bure. Ngoja maumivu yenyewe yaanze. Kichwa kikiisha kisha kikarudi, waweza kurudia kimoja, saa mbili zikishapita. Kidonge cha kwanza kisipokusaidia kabisa, usirudie kwa shambulio hilo hilo. Na kwa mwezi usifikishe siku kumi, maana dawa yenyewe itaanza kukutengenezea kichwa." Akamtazama juu ya miwani. "Haya maswali nilikuuliza mwanzo, nakuuliza tena. Umewahi kupata ugonjwa wa moyo?"

"Wa kupenda tu."

"Kiharusi? Presha ya juu isiyotulia? Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea kichwa kinapokuja?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Unameza dawa nyingine yoyote? Ya msongo wa mawazo, au ya kipandauso ya aina ya ergotamini?"

"Sinywi kitu. Kwa nini moyo, lakini?"

"Kwa sababu mishipa inayobanwa siyo ya kichwani peke yake. Ile ya moyo nayo inabanwa kidogo. Mzima hana shida, pengine anasikia kifua au shingo kama imevaa shati dogo, inapita. Ikiwa maumivu makali, hospitali. Lakini mtu mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, hicho kidogo chaweza kumuua. Kwa hiyo kidonge chako ni chako. Usigawe kama karanga."

Jicho alikuwa anatabasamu. Tabasamu likamfia mdomoni.

Maana juzi, pale pale kiwandani, mjomba wake alikuwa ameshika kichwa akilalamika. Mjomba ndiye fundi mkuu wa mtambo, ndiye aliyemtafutia kazi, kaka wa mama yake tumbo moja. Miaka miwili iliyopita moyo ulimshika kwenye ngazi, akawekewa kibomba kwenye mshipa. Na Jicho, kwa huruma zake, alikuwa amemwambia: "Kimebaki kimoja kwenye droo yangu, mjomba. Siku ukizidiwa usiniulize, chukua tu."

"Nipe kingine," akamwambia mfamasia.

"Zimeisha. Mzigo unakuja kesho."

Jicho alipiga simu. Simu ya mjomba iliita mpaka ikachoka, kama kawaida ya simu inayokaa karibu na mtambo. Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, akapanda ngazi mbili mbili, na kwenye kona ya ngazi, mahali pale pale mjomba alipoanguka, akaona doa dogo linalong'aa katikati ya ukuta. Akapepesa. Doa likaota meno.

Vimulimuli.

"Siyo leo," akauambia ukuta. Ukuta ukazidi kung'aa.

Ofisini aliivuta droo. Kalamu nyekundu saba, rula, pini, chumvi ndani ya karatasi. Kidonge hakuna.

"Mjomba wako alikuja hapa," Bwana Koma akasema kutoka meza ya pili, bila kuinua uso. "Alisema amepewa ruhusa. Alikuwa ameshika kichwa, hivi, koma, na uso wake ulikuwa mwekundu." Ndivyo alivyokuwa anaongea, akitaka kutilia mkazo.

"Saa ngapi?"

"Dakika kumi zimepita. Kumi na mbili."

Jicho alishuka chini kwenye mitambo akishika ukuta. Upande wa kulia wa dunia ulikuwa umeshaliwa na yale meno ya glasi. Aliona nusu ya pipa la wino, akaigonga ile nusu asiyoiona. Aliona ovaroli la bluu, akalivamia kwa nyuma na kulikumbatia.

"Umemeza? Mjomba, umemeza?"

"Mimi ni fundi wa kukata karatasi," ovaroli likasema kwa upole. "Mjomba wako yule pale, anangoja mkate."

Na kweli mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi. Mjomba ana imani zake. Dawa yoyote duniani, hata ya macho, lazima utangulize chakula. Na mkate siku hiyo ulikuwa umechelewa.

"Binti yangu, mbona unahema?"

"Kidonge kiko wapi?"

"Kipo salama. Nangoja mkate."

"Usikimeze. Wewe una kibomba moyoni. Hiki kinabana mishipa, mjomba, kinabana na ya moyo."

Mjomba akafikiri. "Lakini wewe ulisema nichukue tu."

"Nilisema upuuzi. Nipe."

Mjomba akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli na kumwaga vilivyomo kwenye kiganja cha Jicho. Akiwa na nusu ya macho, Jicho aliona kitu cha fedha kinachometameta, akakipasua haraka.

"Hiyo ni peremende," mjomba akasema.

Akashika kingine.

"Hiyo nati."

"Mjomba, sioni, nisaidie."

"Hata mimi nimeacha miwani juu." Wakabaki wawili, mmoja haoni upande na mwingine haoni karibu, wakipapasa kiganja kimoja kama watu wanaochambua mchele gizani. Ikabidi yule fundi wa kukata aje. Akachukua kipande cha karatasi ya fedha kilichokatwa kwa mkasi, akasoma jina la dawa herufi kwa herufi. "Suma-tri-ptani." Ndiyo yenyewe, haijafunguliwa.

Jicho akakaa chini sakafuni palepale. Akampigia mfamasia, akamweleza habari za mjomba na moyo wake, akaweka sauti ya nje ili mjomba asikie, ili asije akasema hakuambiwa.

"Panadol anaweza, kama daktari wake hajamkataza," mfamasia akasema. "Lakini kwanza presha. Mwambie aje nimpime sasa hivi."

"Presha yangu iko sawa," mjomba akaisogelea simu.

"Dawa zake za presha anameza?"

Mjomba akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Nimezipumzisha wiki mbili," mjomba akasema. "Nilikuwa najisikia vizuri."

"Nampigia mke wako," Jicho akasema.

"Naenda duka la dawa," mjomba akasema, akainuka. Fundi wa kukata akamsindikiza, mkono begani. Mkate ulipofika haukuwa na mwenyewe.

Jicho alirudi juu. Saa nne na dakika tano. Karatasi ya mwisho ilikuwa mezani, kurasa kumi na sita, na kila mstari aliojaribu kuusoma uliingia kwenye meno ya glasi ukatoka bila mkia. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo.

"Kimekushika."

"Bado."

"Naona macho yako."

"Hivi ni vimulimuli tu. Kichwa bado hakijaanza. Nikimeza sasa nitakiharibu, na sina kingine."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja kichwa kianze."

Meneja akavaa miwani amtazame vizuri. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu anaketi na glasi ya maji mkono huu na kidonge mkono ule, akiyangoja maumivu kama anangoja basi. Habari ikashuka ngazi kabla yake. Baada ya dakika kumi mlangoni palikuwa na watu wanne.

"Kimeanza?" akauliza mmoja.

"Bado."

"Labda umekikosa. Labda kimepita."

"Kipandauso hakipiti kama mtu wa barua. Kitanijia tu."

Bwana Koma alikuwa ametoa kalamu yake ya kusainia na kuilaza sambamba na ukingo wa meza. Alitazama saa, akaitazama kalamu, akaipangusa. Jicho aliiona kalamu hiyo kwa ile nusu ya jicho lake iliyobaki, na nusu hiyo ilimuuma kuliko kichwa chote.

Saa nne na dakika thelathini na moja, vimulimuli vikaanza kuyeyuka pembeni. Akagusa nywele zake. Nywele zilikuwa nywele tu. Kisha, nyuma ya jicho la kulia, kitu kikabisha hodi. Tok. Kidogo sana, kama kidole kimoja kwenye mlango wa mbao. Miezi minne hodi hiyo alikuwa akiijibu kwa kusema aa, hiki bado, hakijakaza.

"Kimeanza," akasema, kwa furaha ambayo mtu mwenye akili zake halisemi neno hilo nayo.

Akameza. Watu mlangoni wakapumua kama vile wamemeza wao. Mmoja akapiga makofi mawili, akaona haya, akaacha.

"Nalala stoo," akamwambia Meneja. "Siyo kama zile mara. Saa moja, saa moja na nusu. Nikirudi nasoma."

"Saa saba na nusu mtambo unawaka," Meneja akasema. "Na jina la mtu linakuwa juu ya karatasi, lako au la mwingine."

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya karatasi mpya. Jicho alijilaza kati ya marobota, akasikiliza. Tok, tok. Hodi ikawa ngumi, ngumi ikazidi, na akaogopa. Kisha shingo ikambana, ile ya shati dogo, akakumbuka maneno ya mfamasia, akalegeza kola ambayo haikuwa imefungwa. Ikapita. Halafu ngumi ikakosa kupanda. Ilikaa hapo hapo, ikasuasua, kama mtu aliyekuja kugombana akasahau sababu. Akaanza kuhesabu marobota. Alipofika ishirini na tatu aligundua kwamba anahesabu, na kwamba mara zote mbili zile asingeweza kuhesabu hata vidole.

Saa sita na robo alitoka. Aliyumba kidogo, mdomo mkavu, uso kama mto uliolaliwa. Akaketi, akavuta karatasi. Bwana Koma akasogeza kiti.

"Mimi nimeshaipitia, usijisumbue. Koma zote ziko sawa. Kuna moja ya ukurasa wa themanini na tano, nzuri sana."

"Ahsante. Nitaitazama."

Alisoma polepole. Mistari ilisimama wima. Themanini na moja, safi. Themanini na nne, picha imepinda, akaizungushia duara. Themanini na tano, ile koma, kweli ilikuwa nzuri. Saa saba na dakika ishirini alifika tisini na tano, sura ya mwili wa binadamu, mstari wa kwanza kabisa, herufi kubwa za kukoza. Akasoma. Akarudia. Akaanza kucheka, akashika kichwa kwa sababu kucheka kulikuwa bado kunauma kidogo.

"Nini?" Meneja akauliza.

Jicho akasoma kwa sauti. "Moto una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kazi yake ni kusukuma damu."

Meneja akamgeukia Bwana Koma.

"Koma," Bwana Koma akasema taratibu, "zilikuwa mahali pake."

Ndipo mjomba akatokea mlangoni, mkono mmoja nguo imekunjwa mpaka begani kwa kupimwa presha, mwingine una dawa zake za presha, na nyuma yake mkewe, ambaye hakuna aliyejua nani amempigia, na Jicho hakusema. Presha ilikuwa imepanda kwelikweli. Kesho asubuhi angepelekwa kwa daktari wake, akitaka asitake, na leo mtambo angeuwasha akiwa amekaa.

"Karatasi tayari?" akauliza. "Au moto bado una vyumba?" Maana alikuwa amesikia kutoka kwenye ngazi.

Jicho akafuta t, akaweka y, kwa kalamu nyekundu. Kisha akageuza ukurasa, akasoma mpaka nukta ya mwisho, akasaini. Saa saba na dakika ishirini na nane. Bwana Koma aliirudisha kalamu yake kwenye droo, akaifunga droo vizuri.

Jioni Jicho alivuka barabara. Kwenye kaunta kulikuwa na kibahasha kipya kinamngoja, bado kitupu mpaka mzigo wa kesho. Mfamasia alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, zimeachana kama meno ya mtoto: MEZA KIMOJA KICHWA KIKIANZA KUUMA.

Msahihishaji mkuu akakisoma. Akakisoma tena, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari. Kisha akatoa kalamu nyekundu, na chini yake akaongeza kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mjomba asiguse.*